Gego la Miaka Sita: Kwa Nini Baadhi ya Watoto Huota Meno Laini Kama Chaki, na Namna ya Kuyalinda

Asubuhi ya mwezi Julai mjini Tukuyu, maji ya bombani huwa na ubaridi unaouma hata vidole. Mtoto anayekataa kupiga mswaki kwa maji hayo huonekana kuwa mvivu, na mzazi humkemea. Mara nyingi mzazi huwa na haki. Wapo, hata hivyo, watoto ambao kukataa kwao si uvivu. Jino lao linauma kweli, na linauma kwa sababu liliota likiwa na kasoro. Makala haya yanamweleza mtumiaji kasoro hiyo ni ipi, namna ya kuitambua mapema, huduma gani aziulizie kituoni, na bidhaa zipi zisimle fedha zake bure.

Kitaalamu hali hii ni upungufu wa madini katika magego ya kwanza na meno ya mbele ya utu uzima. Kwenye kadi ya mtoto huenda ikaandikwa kwa herufi tatu tu: MIH. Jina hilo lilipendekezwa na wataalamu wa meno ya watoto mwaka 2001, lakini hali yenyewe ni ya zamani kuliko jina lake. Wala si hali adimu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watoto wa miaka 6 hadi 8 katika tarafa mbili za vijijini nchini Kenya uliikuta kwa takribani watoto 14 katika kila 100. Katika darasa la watoto 50, kiwango hicho ni sawa na watoto saba.

Jino ambalo wazazi wengi hawajui kuwa limeota

Mtoto anapokaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto huota magego manne: mawili juu na mawili chini, kila upande moja. Hakuna jino la utoto linalong'oka ili kuyapisha. Yanajitokeza polepole mahali palipokuwa na ufizi mtupu. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kuwa ni meno ya utoto yaliyochelewa, na kwamba yakiharibika yatang'oka na mengine yataota.

Dhana hiyo ndiyo inayogharimu meno mengi. Magego haya ni ya kudumu. Mtoto atayatumia kutafuna hadi uzeeni, na likipotea moja, halioti jingine mahali pake. Mzazi anayelijua jambo hili atalitazama gego la nyuma la mtoto wa miaka sita kwa jicho tofauti na lile analolitazamia jino la utoto linalolegea.

Kasoro huanza kabla jino halijaonekana

Ili kuelewa kwa nini gego huota likiwa dhaifu, inafaa kufikiria tofali. Mfyatuaji hulipa tofali umbo na ukubwa wake wote likiwa bado udongo. Ugumu huja baadaye, kwenye tanuri. Tofali ambalo moto haukulifikia vizuri lina ukubwa uleule wa wenzake, lakini ukilikwangua humeguka, na mvua ikilinyeshea hunywa maji.

Enameli, yaani tabaka gumu linalofunika jino, hujengwa kwa namna inayofanana na hiyo. Kwanza chembe maalumu za mwili hutandika umbo la enameli likiwa laini na limejaa protini. Kisha huanza hatua ya pili, ambapo protini huondolewa na nafasi yake kujazwa madini ya kalisi na fosfeti, hadi enameli iliyokomaa inapokuwa na madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake. Hatua hiyo ya pili ndiyo tanuri. Ikivurugika, jino huota likiwa na umbo kamili, ila ndani ya enameli hubaki protini nyingi na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Kwa magego ya miaka sita, kazi hii huanza karibu na siku ya kuzaliwa, na enameli yake hukamilika mtoto anapofikia takribani miaka mitatu. Meno ya mbele hujengwa katika kipindi kinachokaribiana na hicho, na ndiyo maana mara nyingine nayo huwa na madoa. Kwa hiyo jino linalouma leo kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili linabeba kumbukumbu ya yale yaliyompata akiwa mchanga.

Ni yapi hayo? Wataalamu hawajapata chanzo kimoja. Kinachoonekana mara kwa mara ni kwamba watoto wenye hali hii waliugua zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo: homa kali, nimonia na maambukizi mengine ya njia ya hewa. Matatizo wakati wa kuzaliwa, kama vile kukosa hewa ya kutosha au kuzaliwa kabla ya wakati, nayo yamehusishwa. Urithi pia una sehemu yake. Huenda sababu kadhaa zikakutana kwa mtoto mmoja, na nyingine zisionekane kabisa.

Yapo mambo mawili ambayo hayafuati kutokana na maelezo hayo. La kwanza, mzazi asimnyime mtoto antibayotiki aliyoandikiwa kwa kuogopa meno. Ni vigumu kutenganisha athari ya dawa na athari ya ugonjwa uliosababisha dawa itolewe, na nimonia isiyotibiwa huua. La pili, upungufu wa maziwa si maelezo ya kasoro hii. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na mtoto aliyelelewa kwa maziwa tele anaweza kuwa nayo. Zaidi ya hayo, chembe zilizojenga enameli hutoweka jino linapoota. Hakuna chakula wala kidonge kitakachorudi kulichoma upya tofali hilo.

Namna ya kulitambua

Mketishe mtoto mahali penye mwanga wa jua, asafishe meno, kisha utazame gego la nyuma kabisa kila upande, juu na chini. Enameli nzima hung'aa na huwa nyeupe yenye uangavu kidogo. Sehemu yenye kasoro haina uangavu huo. Ni nyeupe kama chaki, au ya rangi ya maziwa ya mgando, au ya njano, au ya kahawia, na ina mpaka unaoonekana wazi kati yake na enameli nzima. Kadiri rangi inavyoelekea kwenye njano na kahawia, ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa laini na rahisi kumeguka.

Alama nyingine ni kutolingana. Gego moja huweza kuwa na doa kubwa na mwenzake wa upande wa pili akawa mzima. Hapo ndipo hali hii inapotofautiana na madoa yanayotokana na floraidi nyingi katika maji ya kunywa, yanayofahamika sana katika maeneo ya Arusha. Madoa ya floraidi hutawanyika kama ukungu au mistari bila mpaka dhahiri, hugusa meno mengi kwa pamoja, na hufanana kushoto na kulia. Tofauti hii ina maana kwa mzazi, kwa sababu aliyeambiwa kimakosa kwamba mtoto ana floraidi nyingi anaweza kumwachisha dawa ya mswaki yenye floraidi, ilhali ndiyo inayohitajika.

Vilevile kasoro hii si kuoza kwa kawaida. Kuoza huanzia kwenye mifereji ya gego na katikati ya meno, mahali chakula kinapokwama. Doa la MIH laweza kuwa kwenye ncha ya jino au ubavuni, mahali ambapo mswaki hupita bila shida. Hata hivyo, mambo haya mawili hukutana haraka. Baridi na mswaki vinapoliuma jino, mtoto hutafuna upande mwingine na kuukwepa upande huo anapopiga mswaki. Utando wa uchafu hulundikana, chai yenye sukari huulisha, na enameli yenye vitundu haiwezi kuzuia asidi. Jino linaweza kumeguka na kutoboka ndani ya miezi michache tangu liote.

Mtoto mdogo naye anaweza kutoa onyo la mapema. Gego la mwisho la utoto likiwa na doa la namna hiyo, uwezekano wa gego la miaka sita kuwa nalo huwa mkubwa zaidi. Mtoto huyo apelekwe kuchunguzwa mara tu gego jipya linapochungulia.

Mfano wa mtoto mmoja

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka saba katika kaya ya wakulima wa chai. Kwa miezi kadhaa amekuwa akitafuna upande wa kulia tu, na akinywa maji ya baridi hushika shavu la kushoto. Mama anaona gego la nyuma la chini likiwa na rangi ya kahawia na ncha moja imemeguka. Anampeleka hospitali kwa nia ya kuling'oa, kwa kuwa anaamini ni jino la utoto na kwamba mtoto amelila kwa pipi.

"Mama, hili ni jino la ukubwani," tabibu anamwambia. "Na halikuanzia kwenye pipi. Liliota hivi hivi."

"Sasa litapona?"

"Kupona kabisa, hapana. Lakini tunaweza kulifunika lisizidi kuharibika. Tukiling'oa leo, meno yake yatapinda."

Tabibu anatazama magego mengine. La chini kulia lina doa jeupe lakini halijameguka. Mawili ya juu ni mazima. Meno mawili ya mbele yana madoa madogo yasiyouma. Kila jino linahitaji huduma yake.

Gego lenye doa jeupe linapakwa vanishi ya floraidi, dawa nzito inayoganda juu ya jino na kulipa floraidi kwa saa kadhaa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haihitaji sindano, na mtoto anatakiwa kurudi baada ya miezi mitatu ili ipakwe tena. Mifereji ya jino hilo inazibwa ili uchafu usikae.

Gego lililomeguka linahitaji zaidi. Tabibu anaondoa sehemu iliyolainika kwa vifaa vya mkono na kuijaza glasi-ayonoma, aina ya saruji ya meno inayoshikamana na jino lenye unyevu na kutoa floraidi kidogo kidogo. Utaratibu huu wa kutumia vifaa vya mkono bila mashine ya umeme una historia nchini mwetu. Ulianzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kutoka hapa ukaenea katika nchi nyingi. Kwa gego la chaki, ujazo huo ni wa muda, kwa sababu kingo za enameli dhaifu huendelea kumeguka pembeni yake. Mama anaelezwa hivyo tangu mwanzo, ili ujazo ukitoka baada ya mwaka mmoja asidhani ametapeliwa.

Endapo gego litazidi kumeguka, hatua inayofuata ni kofia ya chuma isiyoshika kutu, inayolifunika jino lote. Haipendezi kwa rangi, lakini iko nyuma ya mdomo, huondoa maumivu ya baridi, na hudumu miaka mingi.

Jambo moja mama huyo alipaswa kulisema kabla ya sindano, na kila mzazi alikumbuke: mtoto huyu amekuwa na maumivu kwa muda mrefu. Kiini cha jino kilichosumbuliwa hivyo hukataa ganzi. Sindano ileile inayotosha kwa mtoto mwingine huenda isitoshe kwake. Tabibu akijua mapema, anaweza kumpa dawa ya kutuliza maumivu kabla ya kuanza, kuongeza ganzi kwa kipimo salama, au kuanza na vanishi kwanza na kuahirisha kujaza. Mtoto aliyelazimishwa akiwa anahisi kila kitu hatarudi kwa hiari.

Kung'oa kuna wakati wake

Yapo magego yaliyoharibika kiasi kwamba hayafai kuhifadhiwa. Hata hivyo, siku ya kuyang'oa huchaguliwa. Nyuma ya gego la miaka sita, ndani ya taya, linakua gego la pili ambalo huota mtoto anapofikia takribani miaka 12. Gego la kwanza likitolewa wakati mizizi ya lile la pili ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 10, la pili husogea mbele na kuliziba pengo kwa kiasi kikubwa. Likitolewa mapema mno au kwa kuchelewa, hasa katika taya la chini, pengo hubaki na meno ya jirani hulalia upande.

Kwa hiyo, ukiambiwa gego la mtoto wako ling'olewe, uliza swali hili: "Je, gego la pili limefikia hatua gani?" Jibu hutolewa na picha ya eksirei. Kwa wakazi wa Rungwe, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana, Tukuyu. Uamuzi ukihitaji daktari bingwa, ulizia rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, umbali wa takribani kilomita 70. Kabla ya uamuzi huo, jino linalouma laweza kutulizwa kwa ujazo wa muda.

Unaponunua bidhaa

Dawa ya mswaki inayofaa ni ile yenye floraidi ya kutosha. Geuza boksi na usome kiasi kilichoandikwa kwa kipimo cha ppm. Kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea mwenye magego ya chaki, tafuta 1450 ppm, au isiyopungua 1000 ppm. Dawa nyingi zenye picha za katuni zina floraidi kidogo zaidi, na baadhi hazina kabisa. Picha si kipimo. Kagua pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kiasi kinachotosha ni punje ya njegere. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosheka na kiasi cha punje ya mchele. Apige mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala, kisha ateme bila kusukutua, ili floraidi ibaki. Tumia mswaki laini na maji ya uvuguvugu. Kwa jino linalouma kwa baridi, kikombe cha maji yaliyopashwa kidogo ndicho kitakachomfanya mtoto akubali. Gego linalochomoza huwa chini kuliko meno mengine, na mswaki ukienda mbele na nyuma huliruka. Mzazi auingize kwa pembeni ya shavu na kulisafisha lenyewe, na kazi hii aifanye mwenyewe hadi mtoto atimize takribani miaka minane.

Usinunue poda ya kung'arisha meno kwa ajili ya madoa haya, wala usisugue kwa majivu, mkaa au chumvi. Doa limo ndani ya enameli, na kusugua huondoa enameli iliyobaki. Bidhaa yoyote inayodai kulirudishia jino la chaki ugumu wake wote inadai jambo lisilowezekana. Zipo krimu zinazopunguza maumivu ya baridi, na hilo ndilo linaloweza kuahidiwa kwa haki. Katika baadhi ya vituo kuna dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ambayo huzuia kuoza na kupunguza maumivu bila sindano. Nayo ni halali, ila hulifanya doa kuwa jeusi daima. Mzazi aelezwe hilo kabla haijapakwa.

Mwisho, tahadhari kwa wenye watoto wachanga. Mtoto anapopata homa na kuharisha, bado wapo wanaosema ana meno ya nailoni, na kwamba yachokonolewe kwenye ufizi. Kinachotolewa huko ni chipukizi la jino la kweli, na chombo kinachokitoa huweza kuliharibu pia jino la ukubwani lililo chini yake na kuingiza maambukizi. Homa hiyo ndiyo inayohitaji tiba, na mahali pake ni kituo cha afya, siku hiyohiyo.